Maneno Yanayoibeba Picha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vichwa, Maelezo na Metadata ya Matunzio ya Mpiga Picha

Napiga picha za vyombo vya baharini na mafundi wake katika pwani yetu, na matunzio yangu mtandaoni yana picha 46. Maswali haya nimeulizwa na wapiga picha wenzangu, mengi kwa simu, usiku, mtu akiwa mbele ya kompyuta na picha zake zimekataa kuonekana. Ili tusipoteane, mifano karibu yote nitaitoa kwenye picha moja: fundi anakalafati jahazi, yaani anaziba kwa pamba mianya kati ya mbao zake, ufukweni Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Kutoka kwenye kamera faili lake liliitwa `DSC_4417.JPG`.

Kichwa, maelezo ya picha, matini mbadala: si ni kitu kimoja? Kwa nini nisinakili sentensi moja kotekote?

Kwa sababu kila kimoja kina msomaji wake. Ukinakili sentensi moja kotekote, mmoja wao atahudumiwa na wengine watatoka mikono mitupu.

Kichwa ni cha mtu anayepitia orodha. Hajaifungua picha bado, anatafuta pa kubonyeza. Maneno manne au matano yanamtosha. Yangu inaitwa "Kalafati ya jahazi, Nungwi".

Maelezo ya picha, yale yanayokaa chini yake, ni ya mtu ambaye tayari anaitazama. Huyu humwambii kwamba kuna mwanamume na mashua, maana anawaona. Mwambie kile ambacho picha haiwezi kusema: ni wapi, lini, kazi gani inafanyika, na kitafuata nini.

Matini mbadala ni ya mtu asiyeiona picha. Huenda haoni kwa macho na simu yake inamsomea ukurasa kwa sauti, au mtandao wake ni mzito na picha haijashuka. Hapa mambo yanageuka: eleza kilichomo ndani ya fremu. Injini za utafutaji nazo huyasoma matini haya ili kujua picha inahusu nini, lakini mwandikie mtu kwanza. Ukimwandikia mtu vizuri, mashine nayo itaelewa.

Kwenye ukurasa wangu mambo yamekaa hivi:

```html
<figure lang="sw">
  <img src="fundi-kalafati-jahazi-nungwi.jpg"
    alt="Mwanamume mwenye kofia amechuchumaa kando ya
    jahazi la mbao. Ameshika patasi kwenye mwanya kati
    ya mbao mbili na ameinua nyundo. Nyuzi nyeupe za
    pamba zinaning'inia kwenye mwanya.">
  <figcaption>Fundi anakalafati jahazi lililopandishwa
    ufukweni Nungwi, Unguja, 14 Februari 2023. Pamba
    iliyosokotwa hupigiliwa kwa chembeu kwenye maungio
    ya mbao, kisha chombo hupakwa mafuta ya sifa kabla ya kurudi
    majini.</figcaption>
</figure>
```

Tazama kwamba kwenye matini mbadala nimeandika "patasi", na kwenye maelezo nimeandika "chembeu". Jicho linaona patasi. Jina lake halisi na kazi yake vinatoka kwa fundi, na mahali pake ni kwenye maelezo. Ile alama ya `lang="sw"` nayo isiachwe, kwa sababu inaiambia programu ya kusoma kwa sauti kwamba hiki ni Kiswahili. Bila hiyo, simu iliyowekwa Kiingereza inaweza kulisoma neno "chembeu" kwa matamshi ambayo hata fundi mwenyewe hatayatambua.

Sasa metadata yenyewe iko wapi, ndani ya faili au kwenye ukurasa?

Metadata ni maneno yanayoieleza picha. Iko kotekote, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa.

Kuna maneno yanayokaa ndani ya faili lenyewe na kusafiri nalo popote linapokwenda. Utaratibu unaotumika sana unaitwa IPTC, na ulitokana na mahitaji ya mashirika ya habari yaliyokuwa yakitumiana picha na hayakutaka zitengane na majina ya waliozipiga. Ndani yake kuna sehemu kama `Title`, `Description`, `Keywords`, `Creator`, `Credit Line` na `Copyright Notice`. Mwaka 2021 iliongezwa sehemu ya matini mbadala, `Alt Text (Accessibility)`. Kando ya hayo kuna Exif, ambayo kamera huijaza yenyewe: saa, lenzi, kasi ya shata, na wakati mwingine mahali.

Kisha kuna maneno ya ukurasa: matini mbadala, maelezo chini ya picha, kichwa cha ukurasa, aya zinazoizunguka picha, na jina la faili.

Google anapotaka kujua picha yako inahusu nini, hutegemea zaidi maneno ya ukurasa. Ya ndani ya faili huyatumia kwa kazi nyingine: kuonyesha picha ni ya nani. Tangu 2018 Google Images imekuwa ikionyesha jina la mpiga picha na haki zake kutoka kwenye IPTC, na tangu 2020 huweka alama kwenye picha inayoweza kupatikana kwa leseni, mradi umejaza `Web Statement of Rights`, yaani anwani ya ukurasa unaoeleza masharti yako. Ukiongeza `Licensor URL`, mtu atapelekwa moja kwa moja pale anapoweza kuomba au kununua ruhusa.

Kwa hiyo mwenzangu aliyejaza maneno muhimu 40 ndani ya faili na kuuacha ukurasa mtupu, kisha akashangaa haonekani, alifanya kazi ya kweli mahali pasipo pake. Na aliyeandika ukurasa mzuri lakini faili lake halina jina ndani, siku picha itakapopakuliwa na kupachikwa kwingine itakuwa haina mwenyewe.

Maelezo mazuri yanaandikwaje? Mimi huishia "Machweo mazuri pwani".

Mimi huandika sentensi mbili. Ya kwanza inajibu nani, anafanya nini, wapi na lini. Ya pili inatoa jambo moja ambalo mtazamaji asingelijua kwa kutazama tu. Huo ni utaratibu wa vyumba vya habari, na hata kwa matunzio ya msanii unafaa, kwa sababu mtu anayetafuta hutafuta kwa majina ya vitu na ya mahali. Hakuna anayeandika "mazuri" kwenye kisanduku cha kutafutia akitarajia kuifikia picha yako.

Kazi ngumu ni majina. Miaka ya mwanzo niliweka mtandaoni picha ya chombo kidogo chenye tanga na kuandika "ngalawa", kwa sababu kwangu mimi kila chombo kidogo chenye tanga kilikuwa ngalawa. Maneno hayo yalikaa mtandaoni karibu miezi 7. Siku moja nilimwonyesha mzee mmoja wa pwani kwenye simu, akaisogeza karibu na macho, kisha akanirudishia. "Hii si ngalawa, mwanangu. Matengo yako wapi?" Ngalawa ni gogo lililochongwa, lina matengo pande zote mbili ili lisipinduke. Chombo changu kilikuwa cha mbao zilizoungwa, nyuma kimekatwa bapa: mashua. Mtu aliyetafuta ngalawa aliletewa mashua, na aliyetafuta mashua hakuletewa kitu. Tangu hapo sifungi kamera kabla ya kumuuliza fundi kitu kinaitwaje, na namwomba anitamkie mara mbili.

Jambo la wakati nalo lina mtego wa kwetu. Fundi akikuambia walianza saa mbili na watamaliza saa kumi, kamera inasema 08:00 na 16:00. Kwenye maelezo ya Kiswahili andika "saa 10 jioni" bila wasiwasi. Lakini usijaribu kuirekebisha Exif ilingane na maneno hayo. Exif ibaki na saa ya kamera. Kinachotakiwa kurekebishwa ni kamera iliyoachwa kwenye saa za Griniwichi, ambayo itakuwa nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Picha ya saa 8 usiku itaonekana ya saa 5, na tarehe itabadilika pia. Amri hii inasogeza folda nzima mbele kwa saa tatu:

```
exiftool "-AllDates+=3" folda/
```

ExifTool ni programu ya bure, na huhifadhi nakala ya faili la awali likiwa na `_original` mwishoni mwa jina. Usizifute nakala hizo mpaka uwe umehakikisha.

Niandike Kiswahili au Kiingereza?

Inategemea unamngoja nani. Mhariri wa Ulaya anayetafuta picha ya vyombo vyetu huandika `dhow`, neno ambalo kwake linabeba jahazi, mashua, dau na ngalawa kwa pamoja. Mwalimu wa Tanga anayetengeneza somo ataandika "jahazi". Wote wawili ninawataka.

Ninachokifanya ni kurasa mbili, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, kila moja na maelezo yake kamili, zikiunganishwa kwa `hreflang` ili injini ijue kwamba ni kazi moja kwa lugha mbili. Kuchanganya lugha mbili ndani ya maelezo mamoja hakunipendezi, kwa sababu programu ya kusoma kwa sauti hugugumia na sentensi hazina mwenyewe. Ila kwenye ukurasa wa Kiingereza nayaacha majina yetu yalivyo: `jahazi`, `ngalawa`, `Nungwi`. Mtafiti anayejua anachokitaka hutafuta kwa jina hilohilo, na ukilifuta umempoteza mtu aliyekuwa tayari kuilipia picha.

Kwenye maneno muhimu ya ndani ya faili, lugha zote mbili zinaweza kukaa pamoja bila shida, maana pale hakuna sentensi.

Maneno muhimu mangapi yanatosha?

Kwa matunzio yako mwenyewe, 8 hadi 15. Picha ya Nungwi ina haya: jahazi, kalafati, fundi, pamba, chembeu, ufundi wa vyombo, Nungwi, Unguja, Zanzibar, `dhow`, `boatbuilding`, `caulking`. Niliondoa "bahari", kwa sababu bahari haionekani kwenye fremu. Kila neno lipite mtihani mmoja: mtu aliyelitafuta akiletewa picha hii, ataridhika?

Google haiyatumii maneno haya kukupandisha, na hilo lijulikane mapema. Yana kazi kwenye kabati lako la picha ndani ya kompyuta, kwenye mashirika ya kuuza picha, na kwenye kisanduku cha utafutaji cha tovuti yako ikiwa programu yake inayasoma.

Jina la faili lina maana yoyote?

Dogo, lakini ni la bure. Badili `DSC_4417.JPG` kuwa `fundi-kalafati-jahazi-nungwi.jpg` kabla ya kupakia. Tumia herufi ndogo na vistari kati ya maneno, bila nafasi. Lile jina la kamera lihifadhi kwenye kumbukumbu zako ili uweze kulipata faili ghafi.

Sisi tuna tatizo la ng' yetu. Kwenye jina la faili iondoe ile alama: `ngombe-mtoni.jpg`. Kwenye maelezo ibaki, lakini chagua umbo moja la alama. Simu nyingi huandika iliyopinda na kompyuta huandika iliyonyooka, na programu nyingine huzihesabu kuwa herufi mbili tofauti. Niliwahi kutafuta "ng'ombe" kwenye kabati langu nikapata picha 9 wakati nilijua ninazo zaidi ya 30. Na ukiandika kwa amri, funga maneno kwa alama mbili za kunukuu, la sivyo ile ya ng' itafunga sentensi katikati:

```
exiftool -XMP-dc:Title="Ng'ombe wakivuka mto" picha.jpg
```

Nilijaza kila kitu, lakini picha ikifika kwenye tovuti, ndani yake hamna neno. Yamekwenda wapi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi jibu ni moja kati ya matatu.

La kwanza ni programu yako ya kuhariri. Kwenye Lightroom, dirisha la kutoa picha lina sehemu ya `Metadata`, na ikiwa imewekwa `Copyright Only`, kichwa, maelezo na maneno muhimu vyote hubaki nyumbani. Chagua `All Metadata`, au `All Except Camera & Camera Raw Info` kama hutaki mipangilio ya kamera ionekane.

La pili ni tovuti. Ukipakia picha kubwa, mfumo hutengeneza nakala ndogo kadhaa, na wageni huonyeshwa hizo. WordPress ikitumia maktaba iitwayo GD kuzipunguza, nakala hutoka bila metadata. Ikitumia Imagick, IPTC kwa kawaida hubaki. Anayejua hili ni mwenye seva, kwa hiyo muulize kwa jina: "Mnatumia GD au Imagick?" Programu-jalizi za kupunguza uzito wa picha nazo huja mara nyingi zikiwa zimewekwa kufuta metadata, kwa hiyo tafuta kitufe hicho ukizime. Utaongeza kilobaiti chache tu.

La tatu ni njia ambayo picha imepita. Ukimtumia mtu picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, metadata hufutwa. Itume kama hati. Wasanifu wengi wa tovuti hupokea picha za wateja kwa WhatsApp, na mteja hulaumu tovuti kwa kosa lililotokea kwenye simu.

Usikisie ni lipi. Fungua tovuti yako kama mgeni, pakua picha ileile anayoiona mgeni, kisha:

```
exiftool -a -G1 -s -IPTC:all -XMP:all picha.jpg
```

Ikitoka tupu, lijaribu faili ulilolipakia. Kama hilo lina maneno, mharibifu ni tovuti. Kama nalo ni tupu, rudi kwenye dirisha la kutoa picha.

Amri hiyohiyo hufichua ugonjwa mwingine. Maelezo huandikwa ndani ya faili mara mbili, kwa mfumo wa zamani chini ya `Caption-Abstract` na kwa mfumo mpya chini ya `Description`. Programu fulani hurekebisha upande mmoja na kuusahau mwingine. Ile picha yangu ya mashua niliisahihisha, na bado tovuti iliendelea kuandika "ngalawa" kila nilipoipakia upya, kwa sababu ilikuwa ikisoma upande wa zamani. Ukiona sentensi mbili tofauti kwenye majibu, andika upya zote mbili.

Niandike jina la mtu aliye pichani? Na mahali hasa alipo?

Muulize kabla ya kuondoka, na muulize kwa namna inayoeleweka. "Nitaandika jina lako chini ya picha, na mtu yeyote duniani akilitafuta ataiona" ni tofauti na "nitaiweka mtandaoni". Fundi wa Nungwi alikubali picha akakataa jina, ndiyo maana maelezo yangu yanasema "fundi". Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Jina likiwa pamoja na sura ni taarifa binafsi, na matunzio yanayouza kazi yako si albamu ya familia.

Akibadili mawazo baadaye, kulifuta jina kwenye ukurasa hakutoshi. Lifute ndani ya faili pia, ulipakie upya, na ukumbuke zile nakala ndogo.

Kuhusu mahali, jina la mji linatosha kwa utafutaji. Viwianishi vya GPS viondoe kwenye picha za watoto, za nyumba za watu, na za wanyama wanaowindwa kwa ujangili. Picha ya kifaru yenye GPS inaonyesha alipo kifaru.

```
exiftool -gps:all= "-XMP-exif:GPS*=" picha.jpg
```

Ukurasa umekamilika, maneno yapo, na bado picha haipatikani. Nini tena?

Chunguza jinsi matunzio yanavyojengwa. Mandhari nyingi za tovuti zinazopendeza huweka picha kama usuli wa CSS, lugha ya kupamba kurasa, na Google hazihesabu picha za namna hiyo. Lazima ziwe ndani ya `<img>`. Nyingine huficha maelezo mpaka mtu abonyeze, kisha huyaleta kwa hati ya programu. Ukurasa ukifunguka, bonyeza kulia na utazame chanzo chake, kisha utafute neno moja la maelezo yako. Lisipokuwemo, umeyajenga matumaini yako juu ya Google kuiendesha hati hiyo.

Tatizo jingine ni picha 46 kwenye ukurasa mmoja wenye kichwa "Kazi zangu". Nilizigawa katika kurasa tano: ujenzi wa vyombo, uvuvi, masoko ya samaki, matanga, na watu. Kila moja ina aya mbili au tatu za utangulizi, na picha tisa bora zina ukurasa wake peke yake. Ile ya kalafati ni mojawapo.

Kisha subiri. Picha huchukua muda mrefu kuliko maandishi kuingia kwenye utafutaji, na wiki kadhaa si ajabu. Kwenye Search Console ya Google fungua `Performance`, badili `Search type` iwe `Image`, uone watu waliandika maneno gani. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kuna wanaofika kwangu kwa neno "sifa", na nikaongeza picha mbili za mafuta hayo yakichemshwa na kupakwa.

Nina picha 400 za zamani zisizo na neno. Nianzie wapi?

Jaza kwanza vitu vinavyofanana kwa zote: `Creator`, `Copyright Notice` na anwani ya masharti. Hiyo ni amri moja kwa folda nzima, dakika chache. Baadaye chagua picha 10 ambazo ungependa kuulizwa habari zake, uziandikie maelezo na matini mbadala kikamilifu. Mimi picha moja hunichukua kama dakika 15, nyingi zikiwa za kupiga simu kuuliza jina la kitu. Anza na zile ambazo watu waliomo au waliokuwepo bado unaweza kuwapigia.